Uvimbe Upi Ulioshuka?

"Alhamdulillahi mwanangu, uvimbe umeshuka. Yeo ami yako amekunywa chai kwa mkono wake wa kushoto, kikombe hakikutikisika. Basi ile safari ya upasuaji tumeiweka kando kwanza. Hapana haja ya kumpasua mtu anayepona."

Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mdogo, Lamu. Uliniingia nikiwa kazini Mombasa, nimesimama nje ya chumba cha MRI nikimsubiri mgonjwa avue pete na saa. Niliusikiliza mara mbili. Nyuma ya sauti yake nilimsikia ami mwenyewe akicheka na watoto, kicheko ambacho sikukisikia kwa miezi.

Ningefurahi. Lakini yale maneno mawili, "uvimbe umeshuka", yalitoka kwangu. Ni mimi niliyemfundisha mama mdogo kusema hivyo, siku 6 kabla, kwenye benchi la hospitali.

Na hayakuwa na maana aliyoielewa yeye.

Ni wiki ya saba sasa, na bado yananirudia usiku.

Nilichokiona kwenye skrini

Kazi yangu ni kupiga picha za MRI. Si daktari. Namlaza mgonjwa, namvisha kile kizimba cha kichwani, napiga picha, kisha daktari wa radiolojia huzisoma na kuandika ripoti. Lakini mtu wa Lamu anayefanya kazi hospitali Mombasa huwa daktari wa ukoo mzima, atake asitake.

Ami ni fundi wa mashua, Matondoni, ana miaka 59. Njia aliyopita kabla ya kufika kwetu kila nyumba ya pwani inaijua: presha, dawa za maumivu, kisomo, hatimaye picha. Dalili zake zilikuwa wazi kwa anayezijua. Kichwa kilimuuma zaidi alfajiri anapoamka, akitapika kinapoa kidogo, na mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kudondosha patasi.

Picha za kwanza, kabla ya dawa, zilionyesha kivuli tu upande wa kulia, sehemu ya mbele. Kisha nikamtia sindano ya gadolini, dawa ya kung'arisha picha. Damu yake ilikuwa imepimwa kreatinini kujua figo ziko salama, na kwa mtu wa kilo 70 dawa hiyo ni mililita 14, haijai hata kikombe cha kahawa. Nikarudi kwenye skrini nikapiga tena picha za aina ya T1.

Safari hii kivuli kilikuwa na mdomo. Pete nyeupe, nene, yenye kingo zisizo sawa, na katikati yake kweusi.

Nieleze kidogo kwa nini inang'aa, maana jambo zima linaanzia hapo. Mishipa ya damu ya ubongo si kama ya mkono au ya ini. Kuta zake zimezibwa barabara, kama mashua iliyotiwa kalafati vizuri, na gadolini hupita ndani yake bila kuvuja. Lakini kinyama kinapoota ndani ya ubongo hujitengenezea mishipa yake, na mishipa hiyo hujengwa kwa haraka na vibaya. Kalafati haipo. Gadolini inavuja pale, na pale ilipovuja ndipo panapong'aa. Kule katikati kweusi ni nyama iliyokwisha kufa kwa sababu kinyama kimekua kuliko damu inayokilisha.

Nilipofungua picha za aina ya FLAIR nikaona jambo la pili, na hili ndilo lililokuja kutuponza. Picha hizi huzima mwangaza wa maji ya kawaida ya kichwani, lakini maji yaliyoingia ndani ya nyama ya ubongo huyaacha yang'ae. Kuizunguka ile pete palikuwa na weupe mpana, mkubwa kuliko pete yenyewe mara mbili au tatu. Haukuwa wa mviringo. Ulinyoosha vidole, kimoja kwenda mbele, kimoja nyuma, kimoja kikishuka. Ganda la nje la ubongo ulilipita pembeni, halikuguswa sana. Vidole vilifuata ndani, kwenye nyuzi.

Yale ni maji. Mishipa ile ile inayovujisha gadolini huvujisha pia maji na protini za damu, mchana na usiku, na maji hayo hupenya kati ya nyuzi za ubongo kwa sababu kwenye nyuzi kuna nafasi. Kwa hiyo tundu ni moja na mambo ni mawili: kinyama, na maji yanayotoka kwenye kinyama.

Ripoti ilitoka jioni, kwa Kiingereza. Nitaieleza kwa Kiswahili. Kuna kinyama cha sentimita 4.2 kwa 3.6 kwa 3.9 kwenye sehemu ya mbele kulia, chenye pete inayong'aa. Katikati yake hapafanani na usaha kwenye picha za DWI, ambako usaha mzito wa jipu hung'aa sana. Kimezungukwa na maji mengi. Mikunjo ya ubongo upande wa kulia imelala, chumba cha maji cha kulia kimebanwa, mstari wa kati umesogea milimita 9 kwenda kushoto. Mabirika ya chini yako wazi. Daktari alitaja aina ya ugonjwa aliyoishuku zaidi, akaongeza kwamba jina la hakika litatoka maabara, baada ya kipande kukatwa na kutazamwa.

Neno moja

Nje, kwenye benchi, walikuwepo mama mdogo, binamu yangu mkubwa na mjomba aliyekuja kutoka Malindi. Daktari alikuwa amewaona kwa dakika chache, wakatoka wakinitazama mimi.

Niliwaambia hivi, na nayakumbuka maneno yangu neno kwa neno:

"Kuna uvimbe kichwani. Na kuuzunguka kuna uvimbe. Atapewa dawa ya kupunguza uvimbe, halafu apasuliwe kutoa uvimbe."

Isome tena sentensi hiyo.

Uvimbe mara nne, na mimi peke yangu ndiye niliyejua upi ni upi. Wa kwanza ni kinyama. Wa pili ni maji. Wa tatu ni maji. Wa nne ni kinyama. Kwa Kiingereza haya ni maneno mawili yasiyofanana, tumour na oedema, na daktari anayewaza kwa Kiingereza hawezi kuyachanganya. Kwa Kiswahili cha hospitali tumeyatia yote kwenye neno moja, kisha tunashangaa mgonjwa akitoka na habari nyingine.

Nimejiuliza sana kwa nini sikusema "kinyama". Watu wetu wanalo neno hilo. "Ana kinyama kichwani," mtu atasema, na kila aliyepo ataelewa kwamba kuna kitu kimeota mahali pasipo pake. Nadhani niliogopa. "Kinyama" linabisha hodi karibu na saratani, na mama mdogo alikuwa ameshika tasbihi yake kwa mikono miwili. "Uvimbe" ni neno laini. Mtu akijigonga mguu ana uvimbe, kesho umeshuka.

Nilichagua ulaini, nikauita huruma.

Birika na mstari wa kati

Kitu kingine nilichokiruka siku ile ni ile habari ya msukumo. Nilisema tu "ubongo umebanwa kidogo". Kidogo! Milimita 9 nilizihesabu mwenyewe kwenye skrini.

Hupimwa hivi. Kati ya nusu mbili za ubongo kuna pazia gumu, limeshikizwa kwenye fuvu mbele na nyuma. Unapiga mstari ulionyooka kutoka kishikizo cha mbele hadi cha nyuma: hapo ndipo katikati pangekuwa kwa mtu mzima wa afya. Kisha unatafuta utando mwembamba unaotenga vyumba viwili vya maji, unapima umesogea kiasi gani kutoka kwenye mstari wako. Kwa ami utando ulikuwa umeenda kushoto kwa upana wa ukucha wa kidole kidogo. Madaktari wengi huanza kutazama kwa uzito panapofika milimita 5.

Ukucha wa kidole kidogo unaonekana si kitu. Lakini fuvu ni sanduku la mfupa, halitanuki. Ndani yake karibu asilimia 80 ni ubongo, 10 ni damu, 10 ni maji. Kitu kipya kikiingia, lazima kingine kitoke, na cha kwanza kutoa nafasi ni maji, kisha damu ya mishipa inayorudi moyoni. Wakati huo mgonjwa anaweza kuwa anazungumza, anakula, anasimulia. Nafasi ikiisha hakuna kingine cha kutoa isipokuwa ubongo wenyewe, na kuanzia hapo kijiko kimoja cha maji zaidi hupandisha shinikizo kuliko vijiko vitano vya mwanzo.

Ripoti husimulia hatua hizo kama mtu anavyosimulia maji ya bahari yakijaa. Kwanza mikunjo ya ubongo inalala, kwa sababu maji yaliyokuwa katikati ya mikunjo yamesukumwa nje. Halafu chumba cha maji cha upande ule kinabanwa. Halafu mstari wa kati unasogea. Mwisho ni mabirika.

Birika tunalijua. Nyumba za zamani za Lamu zina birika bafuni, watu wakiweka samaki wadogo ndani yake wale viluwiluwi vya mbu. Chini ya ubongo pia kuna mabirika, nafasi za maji zinazolizunguka shina la ubongo, na shina ndilo linaloshika pumzi na kuamka. Birika likiwa wazi kwenye picha, shina bado lina nafasi. Likianza kuzibwa, ubongo umeanza kusukumwa kuelekea chini, na hapo kinachohesabiwa ni saa.

Kwa hiyo ile sentensi fupi ya ripoti, kwamba mabirika yako wazi, ilikuwa na habari mbili ndani yake. Moja, ana muda. Mbili, muda huo ni wa kutumia.

Niliwapa ya kwanza.

(Milimita peke yake haitoshi, niliseme na hili. Kinyama kinachokua polepole kwa miaka, kama kile kinachoota kwenye utando wa nje, chaweza kusogeza mstari wa kati sana na mtu bado anapika na kusafiri, kwa sababu ubongo umepata wakati wa kujipanga. Kinachokua kwa wiki hakitoi nafasi hiyo. Ndiyo sababu daktari huuliza dalili zilianza lini kabla hata hajafungua picha.)

Vidonge kumi na sita

Usiku ule ule ami alitiwa deksamethasoni kwenye mshipa, miligramu 10, kisha 4 kila saa 6. Anayeiona kazi ya dawa hii mara ya kwanza hudhani ni muujiza. Hurudisha kalafati, kwa kiasi na kwa muda, kwenye ile mishipa inayovuja. Maji mapya yanapungua, ya zamani yanaanza kunyonywa. Kwa kawaida siku ya kwanza mpaka ya tatu mgonjwa anabadilika mbele ya macho yako.

Siku ya pili kichwa cha ami kilipoa. Siku ya tatu alikunja ngumi ya kushoto.

Kinyama hakikupungua hata milimita. Kuna aina moja ya saratani ya ubongo, limfoma, ambayo dawa hii huiyeyusha kweli kwa muda, hadi kipande kikikatwa maabara hawaoni kitu, na ndiyo maana daktari akiishuku hupenda kukata kwanza ikiwa mgonjwa hayuko hatarini. Lakini kwa pete kama ile, dawa inakausha kilicholowa na kukiacha kinacholowesha.

Ami aliruhusiwa kurudi Lamu na vidonge, upasuaji ukapangiwa siku ya kumi. Daktari alikuwa ameshusha dozi: miligramu 4 baada ya kifungua kinywa, 4 adhuhuri, isiwe usiku kwa sababu inafukuza usingizi. Vidonge vyenyewe vilikuwa vya miligramu 0.5. Kwa hiyo ni vidonge 8 asubuhi, 8 adhuhuri. Kumi na sita kwa siku, pamoja na cha kulinda tumbo.

Fikiria mama mdogo na pakiti ile mkononi. Hajapata kumpa mtu vidonge 16 vya dawa moja kwa siku, na mbele yake anamwona mume anayekula wali sahani mbili, anayeamka saa tisa usiku akitaka kuzungumza, anayetembea mpaka msikitini bila kushikwa. Hamu ile ya kula ilikuwa ya dawa. Kutolala kulikuwa kwa dawa. Lakini nyumba nzima iliona mtu aliyerudiwa na nguvu zake, na zaidi ya hayo jamaa wa hospitali, yaani mimi, alikuwa amesema dawa inapunguza uvimbe.

Mantiki yake haikuwa na kosa hata moja. Aliambiwa tatizo ni uvimbe. Aliambiwa dawa inashusha uvimbe. Aliona umeshuka. Akapunguza vidonge, kutoka 16 hadi 8, kutoka 8 hadi 4, vikaisha, akashukuru Mungu.

Nilipopata ule ujumbe wa sauti nilimpigia papo hapo. Nikamwambia lazima waje. Akaniuliza, kwa upole wake wote, "Kwani mwanangu, si ulisema wewe?"

Nikajibu nini? Nikasema, "Ndiyo, lakini ule uvimbe mwingine."

"Uvimbe mwingine? Umeota mwingine?"

Nilijaribu kueleza. Mtandao ulikuwa unakatika, mgonjwa wangu alikuwa ameshavua pete na saa ananisubiri. Nikasema nitapiga jioni. Jioni nilipiga, akashika binamu, akasema mzee amelala vyema na familia imekaa, imeonelea wangoje mwezi mmoja waone.

Sikupanda gari kwenda Lamu. Ningeweza.

Alfajiri

Siku 3 baada ya kidonge cha mwisho, ami alirudi kutoka sala ya alfajiri akatapika barazani. Akalala. Saa nne walimwamsha anywe uji, akafungua macho, akayafumba. Saa sita hakuyafungua.

Waliteremka naye gatini amebebwa kwenye kitanda cha kamba. Boti hadi Mokowe, gari kutoka pale, Witu, Garsen, Malindi, Kilifi. Binamu alikaa nyuma na kichwa cha baba yake mapajani, akakiinua kidogo kama nilivyomwambia kwa simu, shingo imenyooka, kwa sababu damu ikishuka vizuri kutoka kichwani hupunguza shinikizo hata kwa kiasi kidogo.

Usiku ule hawakupiga MRI. Walipiga CT, ambayo huisha kwa dakika chache na inatosha kwa swali lililokuwepo. Mstari wa kati: milimita 13. Mabirika: yamebanwa, hayajafungika.

Alitiwa deksamethasoni tena, na manitoli, ambayo huvuta maji kutoka kwenye ubongo kuyarudisha kwenye damu na kutokea kwa mkojo. Daktari alitueleza kwamba dawa hii haiachwi ghafla. Maji hurudi, na pia mwili uliozoea kupewa dawa ya namna hiyo kwa wiki kadhaa huweza kuchelewa kuanza tena kutengeneza homoni yake wenyewe. Hupunguzwa kwa hatua, na kwa mgonjwa kama yeye hupunguzwa kinyama kikiwa kimeshughulikiwa.

Asubuhi alipasuliwa.

Nilikaa na mama mdogo. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Weupe uliobaki

Ndani ya siku 3 za upasuaji hupigwa MRI nyingine, yenye gadolini na isiyo nayo, kabla kidonda chenyewe hakijaanza kung'aa na kuwachanganya wasomaji. Niliipiga mimi. Pete haikuwepo. Mstari wa kati ulikuwa umerudi, umebaki milimita 3. Mabirika yalikuwa wazi, maji yake meusi safi kwenye T1 kama usiku wa bahari shwari.

Kwenye FLAIR weupe ulikuwepo bado. Umepungua, lakini upo, na vidole vyake.

Siku 10 baadaye jibu la maabara lilitoka: glioblastoma, saratani ya ubongo ya daraja la 4, la juu kabisa.

Safari hii niliomba ruhusa ya daktari kukaa nao mwenyewe. Tulikaa kwenye baraza ya nyumba ya binamu, Kisauni, ami akiwa na kitambaa kichwani, mkono wa kushoto mzito lakini unatii. Nilisema kinyama. Nilisema saratani. Nilisema maji. Sikutumia neno uvimbe hata mara moja, na mara mbili ilibidi ninyamaze katikati ya sentensi kulitafuta neno lingine.

Nilipofika kwenye maji ami alininyamazisha kwa kiganja.

"Ngoja. Ubao wa mashua ukilowa," akasema, "haulowi duara. Mai hufuata nyuzi za mti. Waweza kuona msumari umevuja hapa, na doa limefika huko." Akanyoosha mkono wa kulia mpaka mwisho wa baraza. "Ukiuanika, doa linakauka. Mgeni atasema ubao umepona. Na msumari uko pale pale."

Miaka yote nimeitazama picha ya FLAIR, sijapata kusikia mtu akiieleza namna hiyo. Vidole vile vyeupe ni maji yanayofuata nyuzi. Yeye alikijua kitu chenyewe tangu ujana wake. Nisingempa "uvimbe", angenifundisha yeye siku ile kwenye benchi.

Mama mdogo akauliza, "Basi msumari umetolewa. Mbona ule weupe haujaondoka?"

Nililiogopa swali hili kuliko yote, maana hapa mfano wa maji peke yake unadanganya. Kwenye kinyama cha aina hii weupe si maji matupu. Ndani yake kuna chembe za saratani zilizotoroka, zikafuata nyuzi zile zile, chache chache, zikijificha kati ya nyama nzima. Hazing'ai kwa gadolini kwa sababu pale mishipa bado ina kalafati yake. Picha haiwezi kusema hapa ni maji tu, hapa kuna chembe. Na daktari wa upasuaji hawezi kuukata weupe wote bila kuukata pia mkono, mguu na ulimi vilivyo ndani yake.

Nilimtazama ami. Akawa amekwisha fika.

"Kuoza," akasema. "Kuoza hutembea na unyevu."

"Ndiyo, ami."

"Na kwa macho hukuoni mpaka ubao ulainike."

"Ndiyo."

Akaomba penseli. Mjukuu akamletea ya shule. Juu ya kiti cha mbao kilichokuwa karibu akachora duara dogo, akalitia kivuli. Kisha akaanza kuchora mstari mwingine nje yake, akasita, akanikabidhi penseli. "Nionyeshe mionzi itafika wapi."

Nikachora sentimita 2 hivi nje ya duara, nikifuata nyuzi za mti, kwa sababu ndivyo wapangaji wa mionzi wanavyofanya: hawaishii penye pete, wanavuka mpaka kwenye weupe unaotiliwa shaka. Nikamwambia ni mara 30, siku 5 kwa wiki, wiki 6, pamoja na vidonge vya saratani. Akauliza kama baada ya hapo ubao utakuwa mzima. Nikamwambia hapana, aina hii hurudi karibu kila mara. Tiba inanunua muda, na muda huo kwa wengine ni mwaka, kwa wengine zaidi, kwa wengine haufiki.

Akaiweka penseli juu ya kiti, sambamba na nyuzi.

"Sasa nimeelewa nilichonacho," akasema.

Wiki hii yuko kwenye mara ya 11. Mionzi nayo huweza kuamsha maji, kwa hiyo bado anameza deksamethasoni, miligramu 2 asubuhi, na sukari yake inapimwa kwa kuwa dawa hii huipandisha. Jana mama mdogo alinipigia akiwa na pakiti mbili mbele yake. Hakusalimia sana.

"Hivi vidogo, ni vya kinyama au ni vya mai?"

"Ni vya mai, mama."

"Na sivipunguzi mpaka daktari aseme."

"Mpaka daktari aseme."

Nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi ya pakiti. Alikuwa anaandika, anatamka polepole huku akiandika, herufi kubwa: MAI.